Ujumbe ulioishia «nimei»

«Mteja wa Kariakoo kanitumia: "Dada, ile invoisi ya lasti wiki nimei", kisha kimya. Nihesabu kalipa?»

Hapana, dada, usihesabu bado. Ila hicho kipande kinasema mengi.

«Lasti wiki» imekuja na mpangilio wa Kiingereza, sifa mbele ya jina, lakini ni kisiwa tu. Sentensi yenyewe ni ya Kiswahili: «ile» na «ya» zimeiweka invoisi kwenye ngeli ya I-ZI, kama maneno mengi ya kuazima yasiyo ya watu. Sasa ichambue «nimei»: ni- ni yeye mwenyewe, -me- tendo limeshafanyika, -i- yaelekea ndiyo hiyo invoisi. Angetaka kukwambia wazi kwamba hajalipa, angeanza na «sija-».

Kilichokatika ni mzizi, na mzizi ndio wenye hela. Nimeilipa, nimeiona, nimeisahau, zote zinaingia. Hata mzizi wa Kiingereza unakaa vizuri: nimeikanseli, nimeiforwadi kwa bosi. Kwa hiyo usiseme, «kachanganya lugha, basi lazima neno ni peidi». Tukichanganya, kitenzi huingia kikiwa kitupu. Wakati umeshabebwa na -me-, ndiyo maana husikii mtu akisema «nimeikanselidi».

Mimi niliwahi kujimalizia «-lipa» nikaachia mzigo. Jamaa alikuwa anaandika «nimeiona».

Angalia salio lako, kisha mpigie: «Nimei nini, kaka?» Mkifika kwenye kudaiana, wakili mpe ujumbe ulivyo, usiukamilishe.