Kukata GIF ya ngalawa

"Nina GIF ya ngalawa niliyopiga pale ufukweni Bagamoyo, fremu 60. Nikifuta za mwanzo picha inabaki na mabakamabaka. Naikataje?"

Tumia programu ya gifsicle. Irudishe kwanza kwenye fremu kamili, ndipo ukate:

```
gifsicle -U ngalawa.gif "#10-39" -O2 -o fupi.gif
```

Fremu nyingi za GIF hubeba sehemu iliyobadilika tu, yaani tanga na povu. Mchanga na anga zinatoka fremu za nyuma. Ukiifuta ya kwanza, umefuta na mchanga. `-U` inajaza kila fremu, `-O2` inabana tena mwishoni. Alama za kunukuu usiziache, bila hizo maneno yote baada ya `#` yanapuuzwa.

Hesabu inaanzia 0. Nimeishia 39 kwa kuwa, kwa mfano, fremu ya 40 tanga limelala vilevile kama ya 10. Ukiiweka nayo, ngalawa itaonekana kusita kila mzunguko. Yako itafute kwa macho, fremu moja moja. Mimi GIF za mawimbi bado hunirukia kidogo pale mwisho unapoungana na mwanzo, sijapata dawa yake.

Kaka mmoja ameshauri kupunguza fremu kwa "ruka moja chukua moja". Yuko sahihi kwa kupunguza uzito wa faili, ila mwendo utakuwa maradufu asipoongeza muda wa kila fremu. Kama ni 5 (sehemu za mia za sekunde), aweke `-d10` kabla ya jina la faili.