Tarehe zinateleza, chati inabaki safi

"Tunajenga banda la dagaa hapa Igombe. Tarehe zimeteleza mara tatu, na kila mara nabonyeza Set Baseline upya kwenye Microsoft Project. Bosi ameanza kunitilia shaka. Nifanyeje?"

Kaka, ana haki. Kila ukibonyeza hivyo unafuta ahadi ya kwanza, na Finish Variance, yaani siku ulizochelewa kumaliza, inasoma sifuri. Rudisha tarehe za mkataba kwenye Baseline. Ratiba mpya ikiidhinishwa, ihifadhi kwenye Baseline 1.

Kisha jaza Actual Start na Actual Finish kutoka daftari la saiti, si kichwani. Kwenye ratiba uliyoambatanisha, msingi ulipangiwa siku 10, ukachukua 14; kuta 15, zikachukua 21. Zote zimezidi kwa asilimia 40, ila paa na sakafu bado umeziachia siku 20 zilezile. Fundi si yuleyule? Andika 28, labda uwe na sababu ya kushikika, mfano mabati yameshafika.

Kazi ambayo haijaisha isionyeshe mwisho uliokwishapita: kila Ijumaa weka siku zilizokwishatumika kwenye Actual Duration, kisha muulize fundi siku zilizobaki, uziweke kwenye Remaining Duration. Asilimia achana nazo; "tisini" ya fundi naijua. Mpelekee bosi pau zote mbili, ya ahadi na ya hali halisi, pamoja na sababu ya kila tarehe kuteleza.