Rangi ya nywele isiyotumia oksijeni: kwa nini inachujuka mapema hapa Kigoma

Mtazame mama anayepaa mgebuka pale Kibirizi. Kisu kikitoka kichwani kwenda mkiani kinateleza tu. Akikigeuza, magamba yanainuka. Unywele nao umevikwa magamba madogo mno yaliyolaliana kama vigae, ncha zake zikielekea chini. Shika unywele mmoja, vuta vidole kutoka ncha kwenda kichwani, utausikia unakwaruza kidogo.

Rangi ya kudumu hupita chini ya hayo magamba. Chembe zake huingia zikiwa ndogo na hazina rangi, kisha oksijeni, ile dawa inayochanganywa na rangi, huziunganisha humo ndani kuwa chembe kubwa zisizoweza kutoka kirahisi. Rangi ya muda, ndiyo hii isiyotumia oksijeni, haina safari hiyo. Imetoka kiwandani ikiwa tayari nyekundu au buluu, na chembe zake nyingi ni kubwa kiasi cha kushindwa kupenya. Zinashika kwa sababu zina chaji chanya, na uso wa unywele una chaji hasi. Zinanata juu ya magamba na kwenye nafasi zilizo katikati yake, basi. Aina nyingine zina chembe ndogo zaidi zinazozama kidogo, lakini njia ziliyoingilia ndiyo zinayotokea.

Rangi hii haichubui nywele. Ukiipaka nyekundu juu ya nywele nyeusi ambazo hazijapigwa blichi, utaiona juani tu, na kumlaumu msusi ni kumwonea.

Sasa chukua mteja mwenye nywele za mabegani zilizowekwa dawa, na sentimita kumi za mwisho zimepigwa blichi mpaka zikawa za njano. Juu ya njano hiyo kapakwa nyekundu. Mara mbili kwa wiki anaogelea ziwani, na huko huko anaosha kichwa kwa sabuni ya mche. Baada ya wiki mbili ncha zimekuwa za pichi. Atasema rangi ilikuwa feki. Si lazima iwe feki.

Blichi imeyavunja magamba ya zile ncha. Nywele zilizovunjika hunywa rangi haraka na huonekana zimekolea kuliko zote siku ya kwanza, ila hazina kifuniko cha kuitunza. Kila zikilowa zinavimba, na kila zikivimba zinaachia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, yaani yana hali ya magadi, na magadi huvimbisha nywele kuliko maji ya mvua. Sabuni ya mche ndiyo mbaya zaidi: nayo ina magadi, halafu chembe zake zina chaji hasi, kwa hiyo zinaivuta ile rangi yenye chaji chanya na kuondoka nayo. Shampuu kali hufanya vivyo hivyo, kwa kiasi kidogo.

Kosa jingine hufanyika saluni kabla hata rangi haijafunguliwa. Msusi anaosha, anapaka kondishena, ndipo anapaka rangi. Kondishena nayo ina chaji chanya, kwa hiyo inawahi viti vyote na rangi inabaki imesimama. Osha kwa shampuu tupu mara mbili, suuza, kausha kwa taulo na upepo mpaka zibaki na unyevu kidogo tu. Paka rangi ya kutosha kila fungu, funika kwa kofia ya nailoni, na ukae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 20 hadi 30. Suuza kwa maji baridi mpaka yanayotoka yawe karibu meupe. Hapo usitie shampuu.

Zikikauka, zifute kwa kitambaa cheupe. Kikipata alama nzito, kuna rangi iliyolala juu bila kushika, na foronya itaipata usiku. Rudia kusuuza.

Mteja wetu hahitaji kupakwa upya kichwa kizima. Kila wiki achanganye kijiko kimoja cha rangi na vitatu vya kondishena nyeupe, apake zile ncha peke yake, akae dakika kumi, asuuze. Kondishena hapa inapunguza ukali makusudi, maana ncha hizo hunywa upesi. Kabla ya kuingia ziwani azipake mafuta ya nazi ili maji yasizame haraka. Mawese asijaribu, yana wekundu wake na harufu haifichiki. Kichwa aoshe nyumbani mara moja kwa wiki, kwa shampuu laini na maji baridi.

Ukikuta boksi lina chupa mbili za kuchanganya, au unga mweusi kama piko unaotaka oksijeni, hiyo si rangi tunayoizungumzia. Hiyo inaingia ndani, na inaweza kuunguza ngozi vibaya. Ijaribu nyuma ya sikio saa 48 kabla, na ikiwasha, usiipake.