Ananizidi asilimia 25? Usiitume hiyo barua

"Wakuu, mimi napokea 900,000, mwenzangu wa cheo kilekile na kazi ileile anapokea 1,200,000. Naandika barua kwa afisa utumishi, hesabu yangu inasema ananizidi asilimia 25. Niombe nyongeza ya asilimia 25, sawa? Na nitumie mshahara kabla ya makato au ule wa mkononi?"

Mkuu usiitume hiyo barua, tafadhali, kama umeshaibonyeza kimbia ukairudishe. Mimi niliituma hiyohiyo, na robo hiyohiyo, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Mimi nilikuwa 750,000, mwenzangu milioni moja. Ofisini palikuwa na jamaa mmoja anajiita fundi wa Excel, nikampa namba zangu, akaniwekea mshahara wangu A2, wa mwenzangu B2, akaandika hii:

```
=(B2-A2)/B2
```

Ikatoka asilimia 25. Nikashukuru, nikamnunulia na chai juu, mjinga mimi. Nikaandika "ananizidi asilimia 25, naomba nyongeza ya asilimia 25 ili tulingane". Afisa utumishi akaisoma mara moja akasema sawa, hakuna tatizo. Mkuu, mtu wa utumishi akikubali haraka namna ile jua kuna kitu umemwachia mezani. Mwezi uliofuata naona 937,500. Nikadhani ni makato, nikaenda kulalamika, nikaonyeshwa barua yangu mwenyewe yenye sahihi yangu: robo ya 750,000 ni 187,500, umepewa, unataka nini tena?

Yaani nilibaki nyuma 62,500 kila mwezi. Zidisha mara 12 uone, inatoka 750,000, mshahara wangu wa zamani wa mwezi mzima kila mwaka nimeufuta kwa mkono wangu. Na haikuishia hapo, maana ofisi ilipotoa nyongeza ya asilimia 8 kwa wote, mimi nikafika 1,012,500 na mwenzangu 1,080,000, pengo likawa 67,500. Asilimia sawa kwa wote hailizibi pengo, inalikuza.

Sasa yule fundi nilipomfuata akajitetea kwamba ndivyo wanavyofanya kwenye takwimu za pengo la mishahara ya wanaume na wanawake. Na kweli, kule wanagawanya kwa mshahara wa wanaume, yaani ule mkubwa, kwa hiyo pengo la asilimia 25 maana yake mwanamke anapata 75 pale mwanaume anapopata 100. Ile ni sawa kwa kazi yake, inaeleza nani yuko nyuma kwa kiasi gani. Lakini haisemi huyo wa 75 aongezewe asilimia ngapi! Ukimwongezea robo ya 75 anafika 93.75, basi. Jamaa alijua fomula bila kujua inajibu swali gani, halafu anatembea ofisini kifua mbele.

Kwa hiyo "mimi napata pungufu ya asilimia 25 kuliko yeye" ni kweli, na "yeye ananizidi kwa asilimia 33.3" nayo ni kweli, tofauti ni ileile 300,000 yako, ila ya kwanza umeigawa kwa 1,200,000 na ya pili kwa 900,000. Asilimia haina maana mpaka useme ni ya mshahara wa nani. Nyongeza inapigwa juu ya mshahara wa anayeongezewa, hivyo unagawa kwa WAKO:

```
=(B2-A2)/A2
```

Kisha ihakiki kwa kurudi nyuma: chukua 900,000 ongeza asilimia uliyoipata, ukitua kwenye 1,200,000 uko salama. Hiyo 25 yako inatua 1,125,000. Unaiona 75,000 iliyodondoka? Kama mishahara inakaribiana sana, tuseme 970,000 na milioni, ni 3 dhidi ya 3.09, hakuna wa kugombana. Ila kadiri pengo linavyokua ndivyo zinavyoachana, mtu anayelipwa nusu yuko chini kwa asilimia 50 lakini anahitaji nyongeza ya asilimia 100.

Na kwenye barua anza na pesa yenyewe, asilimia ifuate nyuma: "naomba ongezeko la 300,000, mshahara uwe 1,200,000, sawa na asilimia 33.3 ya mshahara wangu wa sasa". Ukiandika asilimia 33 peke yake wataizidisha hivyohivyo ufike 1,197,000, na hiyo 3,000 watakwambia ulisaini mwenyewe. Nawajua.

Mishahara yote miwili iwe ya kabla ya makato, maana nyongeza inawekwa huko. Futa hiyo 25, andika upya, halafu ibandike hapa tuione kabla hujaipeleka.