Maswali na Majibu ya Msafiri: Ukikosa ndege ya kwenda, ya kurudi inaponzwa

Shikamoo mama. Ijumaa nilichelewa ndege ya Mtwara–Dar, nikapanda basi. Jumapili uwanjani Dar naambiwa jina langu halimo. Nililipa kwenda na kurudi, sasa kiti changu kimeenda wapi? (Newala)

Marahaba mwanangu, pole. Nilikata tiketi miaka mingi, na machozi ya namna hii nimeyaona mara nyingi dirishani.

Tiketi yako ni moja, ndani yake mna kuponi mbili: ya kwanza Mtwara–Dar, ya pili Dar–Mtwara. Masharti ya mashirika mengi yanataka zitumike kwa mpangilio huo. Ndege ya Ijumaa ilipofungwa bila wewe, kuponi ya kwanza iliandikwa NO SHOW, yaani abiria hakutokea, na mfumo ukafuta wenyewe safari iliyobaki. Kiti chako cha Jumapili kikarudi sokoni. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kukufuta, ndiyo maana hukupigiwa simu.

Basi ulilopanda lilikufikisha Dar, lakini kwenye kompyuta wewe bado uko Mtwara.

Dawa ilikuwa simu moja Ijumaa, kabla ndege haijaruka: “Nimekwama, ya kwenda siiwahi, ila ya Jumapili naihitaji.” Hapo mhudumu anaweza kubadilisha tiketi, mara nyingi kwa faini na tofauti ya nauli. Sasa hivi nenda ofisini kwao na namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13, uulize kama masharti ya nauli yako yanaruhusu kuirudisha hai. Nauli za bei ya chini kabisa mara nyingi hukataa. Hata hivyo ulizia kodi za uwanja ambazo hukuzitumia, maana baadhi ya mashirika huzirudisha ukiomba.

Tiketi yangu ni Mtwara–Dar–Mwanza. Mimi niko Kilwa, Dar naifikia kwa gari. Si nipandie huko huko? (Kilwa Masoko)

Usithubutu kabla ya kubadilishiwa tiketi. Kipande cha Mtwara–Dar ndicho kuponi ya kwanza. Ukikiruka, cha Mwanza kinafutwa, na cha kurudi pia kama unacho. Waombe wakiondoe mapema na wakupe tiketi mpya inayoanzia Dar. Usishangae ikiwa ghali zaidi: nauli hupangwa kwa safari nzima, si kwa kilomita.

Na nikiacha ya kurudi tu? (Masasi)

Mbele yake hakuna kilichobaki cha kufutwa. Wajulishe tu.

Nifanyeje nisiponzwe, maana ratiba yangu haitabiriki? (Tandahimba)

Nunua tiketi mbili za upande mmoja, kila moja na namba yake ya tiketi. Ukikosa ya kwenda, ya kurudi haiguswi. Linganisha bei kwanza. Na kama ulishabadilishiwa tiketi kwa simu, omba ujumbe wa maandishi, kisha fungua tovuti ya shirika, weka namba ya uhifadhi na jina la ukoo, uone kwa macho yako kama safari ya kurudi bado ipo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, si ukiwa foleni uwanjani.