Sachi imetoa jina la mdhamini: nyumba ni ya nani?

Mnunuzi wa nyumba ya Tudor au Nyali, Mombasa, akipeleka ombi la sachi ofisi ya ardhi, hurudishiwa karatasi yenye majina ya wenye mali na mizigo iliyo juu yake, kama vile rehani au zuio. Mara nyingine majina hayo hufuatiwa na maneno mawili: "as trustee". Wengi huyasoma kama cheo tu, wakaendelea kujadili bei. Maana yake ni kwamba waliotajwa wanashikilia mali ya watu wengine, na rejista haitakwambia hao wengine ni akina nani.

Si kwamba karani amesahau. Amana ya familia, au trasti kama wanavyosema mawakili, si mtu mbele ya sheria; haiwezi kumiliki kitu wala kushtakiwa kwa jina lake. Kwa hiyo mali huandikwa kwa wadhamini. Kisha kifungu cha 66 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 kinaruhusu mdhamini aandikwe kwa cheo hicho, lakini kinamkataza msajili kuingiza maelezo ya amana yenyewe katika rejista. Nia ni kwamba mnunuzi asilazimike kuchambua mambo ya ndani ya kila familia kabla ya kununua. Ni pazia, na limetundikwa makusudi.

Chukua mfano wa mzee mwenye jengo la fleti sita Tudor. Kila fleti inalipa 25,000, yaani 150,000 kwa mwezi. Anaandika waraka wa amana na kuteua wadhamini watatu: ndugu yake, binti yake mkubwa na wakili. Kodi aipate mkewe maadamu yu hai. Akifariki, jengo ligawiwe watoto wanne sawa kwa sawa. Anaongeza sharti kwamba jengo lisiuzwe bila saini za wadhamini wote na idhini ya maandishi ya mkewe. Uhamisho unasajiliwa. Ukifanya sachi kesho yake, utaona majina matatu na yale maneno mawili. Mke hayumo, watoto hawamo, na sharti la idhini halimo. Hata familia ikiuweka waraka ofisi ya ardhi kwa hifadhi, jambo ambalo sheria inaliruhusu, waraka huo hauhesabiwi kuwa sehemu ya rejista.

Sasa wadhamini watatu wakiamua kuuza bila kumwambia mama, je? Kwa shughuli zinazosajiliwa, sheria inawachukulia kama wenye mali kamili, na mnunuzi hachukuliwi kuwa alijua habari za amana. Uhamisho unaweza kupita. Mama na watoto watabaki kuwadai wadhamini waliovunja amana, wala hakuna fidia ya serikali kwa kosa hilo. Upande wa pili, kifungu cha 28 cha sheria hiyohiyo kinataja amana, zikiwemo za kimila, kati ya haki zinazoibana ardhi hata kama hazikuandikwa popote. Mnunuzi anayejificha nyuma ya kifungu cha 66 anaweza kukutana mahakamani na mtu anayesimama juu ya kifungu cha 28. Kesi ya namna hiyo hula miaka, na nyumba haiuziki wala haiwekwi rehani.

Kwa hiyo ukiyaona maneno yale, dai waraka wa amana kabla ya kulipa hata arubuni. Usiridhike na fotokopi ya muuzaji. Kama uliandikishwa katika masjala ya nyaraka, na Mombasa ina yake, chukua namba yake na uombe nakala iliyothibitishwa. Ukiupata, soma mambo matatu tu kwanza: kama wadhamini wana mamlaka ya kuuza, saini ngapi zinahitajika, na idhini ya nani. Kisha linganisha majina ya waraka na ya sachi. Yasipolingana, huenda pana mdhamini aliyefariki au kujiuzulu. Dai cheti cha kifo au barua ya kujiuzulu, pamoja na hati iliyomteua mwingine. Fedha ziende akaunti ya wadhamini kwa pamoja. Ukiambiwa utume kwa akaunti ya mmoja wao "kwa sababu ndiye anayeshughulika", simama hapo hapo.

Kuna sura nyingine: hatimiliki kuandikwa "The Registered Trustees of" fulani. Hawa wameandikishwa kama chombo kimoja chini ya sheria ya wadhamini wa kudumu, ambayo tangu marekebisho ya 2021 inazitambua wazi amana za familia. Faida yake ni kwamba mdhamini akifariki hatimiliki haibadilishwi. Hasara kwa mchunguzi ni kwamba sachi haionyeshi hata jina moja la mtu. Dai cheti cha kuandikishwa, orodha ya wadhamini wa sasa, na azimio la kuuza lenye muhuri wa chombo hicho.

Kwa wanufaika, hali mbaya zaidi ni mali kuandikwa jina la ami peke yake, bila yale maneno mawili, kwa sababu "sote ni ndugu". Hapo rejista inasema ni yake basi. Zuio chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi linasaidia, lakini mwenye jina anaweza kulipinga, nawe utaulizwa ushahidi: waraka, ujumbe wa M-Pesa wa mgao wa kodi, kumbukumbu za kikao cha familia. Vikusanye kabla ya ugomvi, si baada yake. Lililo bora ni kizuizi cha msajili chini ya kifungu cha 76. Msajili anaweza kuamuru kwamba shughuli yoyote isiyotimiza sharti fulani isisajiliwe, mfano idhini ya mama. Siri ya amana haitoki, lakini mkono wa mdhamini unafungwa. Kiombwe mapema, wakati wadhamini wote bado wanakubaliana.

Kama mali iko ndani ya kampuni ya familia, CR12, yaani karatasi ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi na wenye hisa, nayo itakuonyesha jina la mdhamini kama mwenye hisa. Tangu Oktoba 2020 kampuni zinatakiwa kupeleka kwa msajili majina ya wanufaika halisi wenye asilimia 10 au zaidi, lakini orodha hiyo si ya kila mpita njia. Mnunuzi aidai kwa muuzaji mwenyewe.

Na kama mwenye hisa ni taasisi ya familia iliyoundwa Dubai au Abu Dhabi, mambo hugeuka. Taasisi hiyo, tofauti na amana, ni mtu wa kisheria; inamiliki yenyewe na haina wenye hisa. Utaona jina lake, pengine na la wajumbe wa baraza lake, lakini wanufaika huwekwa katika kanuni za ndani. Omba kanuni hizo na azimio la baraza.

Mji wa Kale na mashamba ya pwani yana jambo la ziada: wakf ya Kiislamu. Jina la mutawali linaweza kuonekana kama la mwenye mali, ilhali kazi yake ni kusimamia, na mali ya wakf kwa asili haiuzwi. Ukisikia majirani wakilitaja neno hilo, uliza Tume ya Wakf, inayofanya kazi chini ya sheria ya 2022, kabla hujamwita wakili kuandika mkataba.