Jibu ni 24, lakini si kila 24 inapata tano

*"Walimu, naomba msaada. Nasahihisha hesabu za maelezo, Kidato cha Tatu. Kuna mmoja ameunda mlinganyo usio sahihi kisha akautatua bila kosa lolote. Mwingine ameandika jibu sahihi bila mlinganyo wowote. Nimtuze nani ngapi?"*

Mwalimu, nimefundisha hesabu hapa Nairobi, upande wa Eastlands, muda wa kutosha kukosea mambo yote mawili unayouliza. Nitakuonyesha kwa swali moja tu, ambalo muhula mmoja lilitukosanisha chumba cha walimu kuanzia chai ya saa nne hadi kengele ya chakula. Mtihani wenyewe ulikuwa kwa Kiingereza, lakini hadithi yake ni hii:

Kikundi kiliamua kununua tangi la maji la shilingi 36,000, kila mwanachama alipe sawa na mwenzake. Wanne wakajiondoa kabla ya kulipa, ikabidi kila aliyebaki alipe shilingi 300 zaidi. Mwanzoni kikundi kilikuwa na wanachama wangapi?

Mwongozo wetu ulikuwa wa alama tano, kwa herufi zile tulizozizoea: M ni ya njia, A ni ya jibu linalotegemea njia hiyo, B ni ya hatua inayojisimamia yenyewe.

```
36000/(n-4)                     B1
36000/(n-4) - 36000/n = 300     M1
n² - 4n - 480 = 0               M1
(n - 24)(n + 20) = 0            M1
n = 24                          A1
```

B tuliiweka kwenye malipo ya waliobaki, kwa sababu `36000/n` karibu kila mtoto huiandika hata kama hadithi hajaielewa. M ya pili ni ya kuondoa asili za sehemu hadi mlinganyo wa kipeo cha pili utokee. A inadai jibu moja tu. Anayeacha 24 na -20 zote mbili zikiwa zimekaa pale bila kukataa moja, haipati.

Sasa tazama, alama mbili za kwanza ni za kuigeuza hadithi, tatu za mwisho ni za kutatua. Ukishaigawa hivyo, swali lako la kwanza linakuwa jepesi kidogo: aliyekosea kugeuza amepoteza M ya kwanza, na huenda B pia, kisha unamfuata kwa mlinganyo wake mwenyewe kuona kama anajua kutatua. Ila kuna sharti. Kosa lake lisiwe limemrahisishia kazi.

Mwanafunzi mmoja aliandika `36000/(n-4) = 300`. Lile neno "zaidi" lilimpita, akaona kila mtu alilipa 300. Kutoka hapo, n - 4 = 120, n = 124, mistari miwili na hakuna kosa la hesabu hata moja. Mwenzangu alitaka kumpa alama za kutatua kwa kuwa "amefuata mlinganyo wake". Nilikataa. Zile M mbili ni za kuondoa asili mbili tofauti na kutatua kipeo cha pili, na huyu hakufanya lolote kati ya hayo, maana mlinganyo wake haukumdai. Alipata B1 basi, moja kwa tano. Linganisha na aliyenakili 4 kama 5 kutoka kwenye karatasi ya maswali. Yeye alifika `n² - 5n - 600 = 0`, akatumia fomyula, akapata 27.1. Kazi yake ina uzito uleule, au zaidi kwa sababu mabano yalikataa. Nilimnyima B na A, nikampa M zote tatu. (Kwamba kikundi kina watu 27.1 hakikumshtua. Alikuwa amepigia jibu mstari mara mbili kwa rula.)

Kilichotukosanisha hasa ni hiki. Watoto kadhaa waligeuza kutoa:

```
36000/n - 36000/(n-4) = 300
```

Wameona "kabla" imetajwa kwanza katika hadithi, wakaiandika kwanza. Hawakujiuliza malipo yapi ni makubwa. Ukiondoa asili hapo kwa uaminifu unapata `n² - 4n + 480 = 0`, na ukiiweka kwenye fomyula unaangukia kipeuo cha -1904. Hakuna jibu. Binti mmoja alifika hapo hapo, akaonyesha fomyula na namba zake zote, akaandika kwamba mlinganyo hauna suluhisho, akahamia swali lililofuata. Kijana wa dawati la nyuma yake alianza na mstari uleule usio sahihi, lakini katikati ya kazi ile -480 ikatokea kutoka hewani, na mwisho kukawa na 24 safi.

Tulipojumlisha kwa mwongozo, binti alipata tatu: B1, M0, M1, M1, A0. Kijana alipata mbili. B yake ipo, M ya mlinganyo haipo, M ya kuondoa asili haipo kwa kuwa mstari wake hauzai ule unaofuata, M ya mabano anayo, A haitolewi pasipo njia iliyoishikilia. Mwenzangu akanirudishia karatasi: "Yaani mwenye jibu apate mbili na asiye na jibu apate tatu?" Ndiyo. Akasema huenda kijana aliligundua kosa akalirekebisha kichwani. Inawezekana, lakini aliyegundua hurudi juu akaufuta mstari wa kwanza, na mstari wa kwanza ulikuwa pale pale. Mpaka leo mwenzangu haridhiki, na sikatai kwamba kuna shule ambazo kijana angepewa tatu kwa kuhesabu kosa la alama ya kutoa kama la kuteleza. Muhimu ni kwamba mkiamua hivyo, wote walioteleza hivyo watuzwe hivyo.

Namna ya kumtambua huyu wa pili: usianzie chini ya ukurasa. Ukiona 24 kwanza, jicho lako linakuwa limeshakubali, na mistari ya juu unaipitia tu kama matatu inayopita steji bila abiria. Mimi huanza na mstari ulio na alama ya usawa kwa mara ya kwanza, halafu nauliza kila mstari kama umezaliwa na ule wa juu yake.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo lilinifundisha kuhusu herufi. Msichana mmoja aliandika:

```
36000/n - 36000/(n+4) = 300
```

Mwongozo unasema n - 4, mimi nimechoka, karatasi ni za mikondo mitatu. Nikapiga mkasi mwekundu nikaendelea. Kesho yake akanisubiri nje ya darasa. "Mwalimu, n yangu si ya mwanzoni. Ni ya waliolipa." Nikarudi kuisoma. Alikuwa sahihi kabisa. Waliolipa ni n, wa mwanzoni ni n + 4, na malipo ya waliobaki ndiyo makubwa kwa 300. Inatoka `n² + 4n - 480 = 0`, yaani `(n + 24)(n - 20) = 0`, waliolipa ni 20, na mstari wa mwisho alikuwa amejumlisha 4 kupata 24. Tano kwa tano, na mimi nilikuwa nimempa moja. Isitoshe, juu kabisa alikuwa ameandika n ni nini. Mimi ndiye sikusoma.

Baada ya hapo nilizirudia zote zenye n + 4, na humo nikakuta jambo ambalo nisingelitafuta. Kijana mmoja alikuwa na mabano yaleyale, akapata n = 20 au n = -24. Halafu, nadhani kwa kuwa watu hawawi hasi, akaiondoa ile alama ya hasi, akakata 20, na kuandika 24. Hakujumlisha chochote. Jibu linafanana na la mwongozo tarakimu kwa tarakimu, na nilikuwa nimempa A! Niliiondoa, akabaki na nne. Hesabu hii ina tabia hiyo: ukibadilisha maana ya n, 24 na 20 hubadilishana alama, kwa hiyo jibu sahihi huwa limekaa pale likiwa hasi, likimsubiri wa kuliokota. Na yule aliyeishia 20 bila kuongeza 4, naye nampa nne: njia yote anayo, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Ndiyo sababu siku hizi nadai mstari wa kwanza wa kila hesabu ya aina hii useme herufi inasimamia nini, na si "n = watu" bali "n = idadi ya wanachama wa mwanzoni". Siupi alama, lakini asipouandika na mlinganyo wake ukasomeka kwa njia mbili, nachukua maana inayokubaliana na mistari yake ya chini.

Yule wako wa pili, asiye na mlinganyo, inategemea swali liliuliza nini. Kama karatasi ilisema "unda mlinganyo", basi B na M ya kwanza zimekwenda, na sidhani ana haki ya kulalamika. Kama iliuliza tu "walikuwa wangapi", usimwadhibu kwa kutokisia ulichokuwa nacho kichwani. Nilikuwa na mmoja aliyejaribu wanachama 20: 1,800 na 2,250, tofauti 450. Akajaribu 30: 1,200, halafu 1,384 na ushee, tofauti 184 hivi. Akaona jibu liko katikati, akajaribu 24: 1,500 na 1,800, tofauti 300. Wanachama wakiongezeka, tofauti hiyo hupungua tu na hairudi juu, kwa hiyo akishaipata 300 hakuna jibu jingine la kutafuta. Nilimpa tano. Aliyeandika "24" peke yake pembeni ya ukurasa nilimpa moja, na hiyo moja wenzangu wawili waliiona ni ukarimu.

Kama mtihani haujapigwa chapa, ligawe swali: sehemu (a) aonyeshe kwamba hadithi inaleta `n² - 4n - 480 = 0`, alama tatu, sehemu (b) atumie mlinganyo huo kupata idadi ya wanachama, alama mbili. Aliyeshindwa kuigeuza hadithi bado ataonyesha anajua kutatua, na hutakuwa na mjadala wa kufuata mlinganyo mbovu. Ila ukifanya hivyo, sehemu (a) isome polepole, maana wakishaujua mwisho wataanza chini wakipanda juu, na -480 za kutoka hewani zitakuwa nyingi. Za mkondo wangu wa mwisho nilihesabu saba.